Kulainisha kauli: ujumbe ule ule, maneno mawili matatu tu yamebadilika

Kulainisha kauli ni kubadilisha neno moja au mawili kwenye sentensi iliyotoka kavu bila wewe kukusudia, afu unachokitaka kinabaki palepale. Sio kuongeza salamu nusu ukurasa wala kuzungukazunguka.

Chukua meseji ya ofisini kama hii: "Rekebisha hii ripoti. Mbona umekosea jumla? Nataka nyingine kabla ya saa kumi." Aliyeandika huenda hana hasira hata kidogo, ana haraka tu, ila anayesoma anaona ugomvi. Wengi hapo wanabandika "tafadhali" mbele wakidhani yameisha, kumbe "Tafadhali rekebisha hii ripoti" inasomeka kama tangazo la ukutani, au mtu aliyechoka na wewe.

Kinachosaidia ni kitenzi chenyewe. "Rekebisha" ni amri, ukisema "naomba urekebishe" ile e ya mwisho inageuza amri kuwa ombi, na hata bila naomba, "unitumie kesho" ni laini kuliko "nitumie kesho", herufi moja tu hiyo. Afu kuna "mbona", hilo ndo lenye shida kubwa maana linakuja na lawama tayari, yaani linadai mtu ajitetee. Litoe, weka "naona". Na "umekosea" ifanye "imekosewa", sasa tunaongelea jumla, hatumuongelei mtu. "Nataka" tunaiweka pembeni pia. Inakuwa:

"Naomba urekebishe hii ripoti. Naona jumla imekosewa. Nitashukuru nikiipata kabla ya saa kumi."

Saa kumi haijaguswa, na ni muhimu isiguswe, kwa sababu ukianza kuandika "ukipata nafasi" hiyo ripoti utaiona wiki ijayo. Neno "kidogo" nalo ni zuri kwenye "nisubiri kidogo" au "hebu sogea kidogo", ila usilipeleke kwenye madeni: ukimwambia mtu "naomba hela yangu kidogo" atakutumia kidogo kweli na atajiona kalipa.

Mahali ulipo nako kunahesabika. Nairobi ukiingia kibandani ukasema "nipe chai" ni kawaida tu, hakuna anayekushangaa. Dar ukisema hivohivo kuna wahudumu watakuangalia mara mbili, huku watu washazoea "naomba chai" hata kama unailipia na unajua bei yake.

Ile "imekosewa" ina kasoro yake lakini, inamficha aliyekosea. Kama ni mara ya tatu na mtu huyohuyo anakosea jumla ileile, rudisha "umekosea" ajue ni yeye anayeambiwa, ila "mbona" iache hukohuko nje: "Naona jumla umeikosea tena, naomba uipitie upya kabla hujatuma."