Kwa nini mjamzito huhema haraka, na atajuaje kazi imezidi?

"Nina mimba ya wiki 28. Nikipanda ngazi nahema, nikibeba ndoo ya maji tumbo linakaza. Niendelee na kazi au nikae?"

Tuanze na kuhema, maana hapo wengi huogopa bure. Tangu wiki za mwanzo, kabla hata tumbo halijachomoza, homoni iitwayo projesteroni huuamuru ubongo uvute pumzi nzito zaidi. Damu nayo huongezeka, na kufikia miezi ya mwisho huwa imezidi ile ya kawaida kwa karibu nusu. Moyo unaoisukuma hupiga mara 10 hadi 20 zaidi kwa dakika hata ukiwa umekaa tu. Kwa hiyo ngazi uliyokuwa ukiipanda bila kujali sasa inakuta mwili ambao tayari uko kazini.

Ndiyo maana kuhesabu mapigo ya moyo si kipimo kizuri kwa mjamzito. Kipimo kizuri ni mdomo. Ukitembea au ukifua huku unaweza kuzungumza sentensi nzima, kazi iko sawa. Ukilazimika kukatiza sentensi ili uvute pumzi, punguza mwendo. Kama mimba haina matatizo, kutembea kwa kiasi hicho ni salama, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Unaweza kuzigawa nusu saa kwa siku tano. Kama hukuwa na mazoea, anza na dakika 10.

Kuhema kwa kawaida hutulia ukipumzika dakika chache. Ukihema ukiwa umeketi, au kabla hujaanza kazi yoyote, hilo ni jambo jingine. Huenda damu imepungua sana, au moyo au mapafu yana shida. Nenda ukapimwe.

Sasa ndoo. Ya lita 20 ina kilo 20 na ushee, na kuibeba kwa mkono mmoja huuvuta mwili upande mmoja wakati tumbo tayari linauvuta mbele. Viungo vya nyonga navyo vimelegea kwa ajili ya kuzaa, kwa hiyo kuteguka au kuteleza ni rahisi kuliko zamani. Gawa maji hayo kwenye ndoo mbili, na zikiwa bado nzito, piga safari zaidi. Unapoinua, kunja magoti, ndoo iwe karibu na mwili, na toa pumzi huku ukinyanyuka. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kubana pumzi: shinikizo lote hushuka kwenye nyonga.

Tumbo likikaza, tua ndoo. Kojoa, kunywa maji, kisha lala kwa ubavu. Usilale chali, kwa sababu kwa umri huo wa mimba mfuko wa uzazi hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na unaweza kupata kizunguzungu hapo hapo kitandani. Halafu tazama saa. Mkazo ukija mara moja au mbili bila mpangilio, kisha ukapotea, ni mfuko wa uzazi unaojikaza wenyewe tu. Kazi nyepesi unaweza kuirudia baadaye. Lakini ukirudi kwa mpangilio, tuseme kila dakika 10, au ukiambatana na maumivu ya mgongo na hali ya kusukumwa chini, usisubiri uishe. Wiki 28 ni mapema mno kwa uchungu, na hospitali inaweza kufanya mengi ukifika mapema.

Zipo dalili ambazo hazihitaji saa. Damu ukeni, hata kidogo, au maji yanayochuruzika usiyoweza kuyazuia kama mkojo: acha kazi, uende siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu ya kifua, kuzimia, kichwa kinachouma sana pamoja na kuona maluweluwe, au mtoto kucheza kidogo kuliko ulivyomzoea. Angalia pia miguu. Kuvimba miguu yote miwili jioni ni kawaida, ila shavu la mguu mmoja likivimba, likauma na kuwa na joto, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usilikande.

Kazi ya kusimama mahali pamoja huwachosha wajawazito kuliko wanavyodhani, pengine kuliko kutembea, kwa sababu damu hubaki miguuni. Nguo za kupiga pasi, zipige umeketi.

Haya yote ni kwa mimba isiyo na tatizo. Kama uliambiwa kondo la nyuma limekaa chini, mlango wa uzazi ni dhaifu, shinikizo la damu limepanda au una upungufu mkubwa wa damu, usianze mazoezi wala kubeba ndoo kabla mkunga au daktari wako hajakuambia kipi unaruhusiwa.