Mchanga mkavu juu, unyevu chini: fimbo ya ethi ifike wapi?

Mafundi wengi wakipata vipimo vinne vya ukinzani wa udongo huvijumlisha, hugawanya kwa nne, kisha huanza kuhesabu fimbo za ethi, yaani za chuma zinazopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Wastani huo unafuta habari ile ile tuliyoifuata uwanjani: udongo unabadilika kwenye kina gani.

Tuchukue kiwanja cha mchanga kinachojengwa kituo cha kupoza umeme. Tunachomeka vijiti vinne kwenye mstari mmoja kwa nafasi sawa. Viwili vya pembeni vinapitisha mkondo, viwili vya kati vinapima volti, na chombo kinatupa omu. Ukinzani mahsusi wa udongo ni ρ = 2πaR, ambapo a ni nafasi kati ya kijiti na kijiti, na R ni omu zilizosomwa. Nafasi ikipanuka, mkondo unazama zaidi.

Tuseme kwa nafasi ya mita 1.5 chombo kinasoma omu 120, mita 3 kinasoma 46.5, mita 6 kinasoma 10.5, na mita 12 kinasoma 1.9. Ukikokotoa unapata takriban omu-mita 1,130, kisha 880, 400 na 140. Wastani wake unakaribia 640, na hakuna tabaka lenye udongo huo hapo! Mteremko wa namba unaonyesha tabaka mbili: mchanga wa omu-mita 1,200 hadi kina cha mita 3, na chini yake udongo wenye unyevu wa omu-mita 110.

Sasa piga fimbo ya mita 3 yenye unene wa milimita 16. Yote imeishia mchangani, na ukinzani wake ni karibu omu 400. Ukipiga tatu za namna hiyo mbali mbali, bado uko kwenye 130. Lakini unganisha hizo tatu ziwe moja ya mita 9: mita 6 zinaingia kwenye unyevu, na ukinzani unashuka hadi karibu omu 20. Shaba ni ile ile.

Namba zikirukaruka, shaka ya kwanza iwe kijiti kisichoshika mchanga. Mwagia maji pale pale kilipoingia, wala usikizamishe zaidi ya sehemu moja ya ishirini ya a. Kwa mita 1.5 ni sentimita 7.5 tu. Rudia mstari mwingine unaokatiza wa kwanza. Majibu yakitofautiana sana, huenda kuna bomba la chuma chini.

Kwenye mwamba ρ hupanda kadiri nafasi inavyopanuka. Hapo fimbo ndefu ni hasara, kwani inaingia kwenye udongo mbaya zaidi. Tandaza wavu wa shaba kwenye udongo wa juu, upana wake ndio utakaokusaidia. Ukilazimika kuchoronga mwamba, jaza shimo kwa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, ila ikikauka hunywea na kuachana na fimbo.

Kazi ikiisha, pima ethi kabla ya kuunga waya za juu za kukinga radi. Zikishaungwa, chombo kinasoma pia ethi za nguzo za njia nzima, na wavu mbovu unaonekana mzima.