Mtoto anachora kwa saa nzima, mbona hesabu 12 zinamshinda?

Je, kwa nini mwanafunzi anayeweza kuchora kwa saa nzima bila kuinua kichwa hawezi kumaliza hesabu 12 darasani, na mwalimu afanye nini?

Kwa sababu mchoro unamjibu papo hapo. Kila mstari anaouchora unaonekana, na anajua mwenyewe unaofuata ni upi. Hesabu za daftarini zinajibu baada ya kusahihishwa, pengine kesho yake. Mtoto mwenye shida ya umakini anao umakini. Kinachomshinda ni kuuelekeza na kuushikilia kwenye kazi ambayo matokeo yake yako mbali. Ndiyo maana kumwambia “tulia, kaza akili” hakufui dafu. Kinachofaa ni kufupisha umbali kati ya kutenda na kuona matokeo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye mengi. Chukua kipindi cha dakika 40. Ubaoni kuna hesabu 12 za kutoa kwa kukopa, na wanafunzi wanatakiwa kuzinakili na kuzifanya. Kipindi kinaisha mtoto amefanya 3, na ya pili amekosa. Kabla ya kuweka alama ya kosa, angalia amekosaje. Hesabu ilikuwa 403 − 178, na jibu lake ni 225. Akiwa ameandika 252, rudi kwenye tarakimu alizonakili, huenda utakuta 430 − 178. Kwa hizo alizoandika, jibu lake ni sahihi kabisa. Kutoa anakujua, ila tarakimu zilibadilishana nafasi njiani kutoka ubaoni hadi daftarini. Lakini akiwa ameandika 375, hilo ni jambo jingine: katika kila safu amechukua tarakimu kubwa akatoa ndogo, bila kujali ipi iko juu. Huyo hajaelewa kukopa, na hata umkalishe wapi hatapata mpaka afundishwe upya.

Dalili nyingine ni mpangilio wa makosa. Akipata za mwanzo na kuharibu za mwisho, umakini umechoka. Akikosa tangu ya kwanza, shaka kwanza uelewa.

Kunakili kutoka ubaoni kunaonekana kazi ndogo, kumbe ni mzigo mzito kwa mtoto wa namna hii. Anasoma tarakimu, anazibeba kichwani, anashusha macho, anatafuta mahali pa kuandika, kisha anainua macho tena kutafuta alipoishia. Kumbukumbu yake ya muda mfupi inamwaga kitu katika kila safari. Basi mwondolee safari hizo. Mwandikie hesabu 12 zilezile kwenye vipande vitatu vya karatasi, kila kipande hesabu 4, mbili juu na mbili chini, na nafasi ya kutosha ya kufanyia kazi. Mpe kipande cha kwanza peke yake. Akimaliza anakuletea, unasahihisha akiwa amesimama, anachukua cha pili. Amepata jibu baada ya hesabu 4 badala ya 12, na ile hatua ya kuinuka na kuja mbele imeupa mwili wake ruhusa ya kusogea bila kuvunja kanuni.

Darasa likiwa na wanafunzi wengi, foleni mezani kwa mwalimu itaharibu utaratibu huu. Hapo andika majibu ya hesabu 2 za kwanza nyuma ya kipande ajisahihishe mwenyewe, kisha aweke kipande kwenye kona ya dawati ili ukipita ukione. Usimpunguzie ugumu kwa kumpa hesabu rahisi kuliko wenzake. Kinachogawanywa ni urefu wa kazi. Ukimpa kazi za darasa la chini atachoshwa, na kuchoshwa ndiko kunakomtoa kwenye kazi haraka zaidi.

Sasa mahali pa kukaa. Wengi humweka dawati la mbele kabisa katikati, wakidhani wamemaliza. Hapo darasa zima liko mgongoni kwake, na kila kiti kinapokwaruza sakafu, anageuka. Aghalabu safu ya pili, upande wa ukuta, humfaa zaidi, mradi pawe hatua mbili tatu tu kutoka pale mwalimu anaposimama mara nyingi. Asiwe karibu na mlango, dirisha, kabati la vitabu wala pipa la taka, kwa kuwa huko watu hawaishi kupita. Akae mwisho wa safu, aweze kuinuka bila kuruka miguu ya wenzake. Jirani yake awe mtoto mtulivu, lakini asipewe kazi ya kumsimamia. Urafiki hugeuka upelelezi ndani ya wiki moja.

Dawati la peke yake kwenye kona ni suala jingine. Kama ndiko wanakopelekwa watukutu, mtoto atalisoma kuwa ni adhabu, na wenzake vilevile. Likitumika, liwe mahali ambapo yeyote anaweza kwenda kufanya kazi ya kimya.

Kwa upande wa taratibu za darasa, jambo kuu ni idadi ya maagizo. “Toeni madaftari, fungueni ukurasa wa 34, fanyeni namba 1 hadi 6, namba 4 iacheni” ni maagizo manne kwa pumzi moja. Mtoto huyu atabaki na la kwanza, kisha atachungulia kwa jirani kujua mengine, naye ataonekana anapiga soga. Ngoja darasa linyamaze, toa agizo moja, subiri litekelezwe, ndipo utoe la pili. Maagizo ya kazi yabaki yameandikwa kona ileile ya ubao kila siku. Kisha mpitie mtoto na umuulize kwa sauti ya chini, “Unaanza na nini?” Usimuulize “Umeelewa?”, kwa sababu jibu lake litakuwa ndiyo siku zote. Kumrudisha kazini kuwe kwa ishara mliyokubaliana faraghani, kama kugusa kona ya dawati. Jina lake likiitwa mbele ya wote mara kumi kwa kipindi, darasa zima linajifunza kumtazama yeye.

Kosa linalorudiwa sana ni kumnyima mapumziko ili amalizie kazi. Mtoto aliyekosa kukimbia saa nne anaingia kipindi kinachofuata akiwa hatulii zaidi, na kazi isiyomalizika inaongezeka.

Kabla ya kubadilisha chochote, hesabu kwa siku 5 za masomo ni hesabu ngapi anamaliza kwa kipindi. Badilisha jambo moja, uliache wiki mbili, uhesabu tena. Ukibadilisha kiti, vipande na ishara siku moja, hutajua kipi kimefanya kazi. Wiki ya kwanza mara nyingi huwa nzuri kwa sababu jambo ni jipya, kwa hiyo tazama ya pili. Akishika mwendo, vipande viwe vya hesabu 6, na akianza kuharibu za mwisho, rudi kwenye 4.

Si kila anayezubaa ana shida hii. Asiyeona ubao vizuri, asiyesikia vizuri na asiyelala vya kutosha wote hufanana naye, hivyo wazazi washauriwe apimwe macho na masikio. Akikodoa macho kwa sekunde chache, akawa hasikii hata akiguswa, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, aonwe na daktari bila kuchelewa, kwani kuna kifafa cha aina hiyo. Na wapo wasiosumbua kabisa, hasa wasichana: wamekaa kimya, daftari liko wazi, hakuna kilichoandikwa. Hao huwezi kuwajua kwa kelele, utawajua kwa kuhesabu kazi walizomaliza.