Bei ya kufunga haitoki kwa aliyeuza wa mwisho

"Si bei ya kufunga ni ile ya muamala wa mwisho kabla kengele haijalia?"

Zamani ilikuwa hivyo katika masoko mengi ya hisa, na ilikuwa rahisi kuichezea: oda moja ndogo sekunde ya mwisho ilitosha kusukuma bei ya siku nzima. Siku hizi masoko makubwa hufunga kwa mnada. London, kwa mfano, oda hukusanywa kwa dakika 5 kuanzia saa 10:30 jioni bila kuuziana chochote, kisha mfumo huchagua bei moja inayowezesha hisa nyingi zaidi kubadilisha mikono.

Tuseme muamala wa mwisho ulikuwa 99. Katika mnada, wanunuzi wanataka hisa 500 kwa bei isiyozidi 102, 300 kwa isiyozidi 101 na 400 kwa isiyozidi 100. Wauzaji wanatoa 400 kwa angalau 99, 300 kwa angalau 100 na 500 kwa angalau 101. Kwa 100 zitauzwa 700, kwa 102 ni 500 tu, lakini kwa 101 zinauzwa 800. Basi bei rasmi ni 101, na kila aliyefanikiwa anapata hiyo hiyo, hata aliyekuwa tayari kulipa 102. Hisa 400 za kuuza zinabaki bila mnunuzi.

Mnada wa kufungua soko asubuhi hutumia hesabu hiyo hiyo. Muamala wa mwisho hurudi kazini pale tu mnada unapokosa oda zinazokutana, ingawa baadhi ya masoko hutumia wastani wa bei badala yake.