Vidoko vya mdomo na pumzi kubwa kwenye sauti iliyorekodiwa: kipi kifutwe, kipi kipunguzwe

Kidoko cha mdomo ni mlio mfupi, mkavu, unaotoka kinywani pamoja na maneno bila kuwa sehemu ya neno lolote. Ulimi ukibanduka kwenye kaakaa, midomo ikiachana, au utando wa mate ukipasuka, maikrofoni inanasa "tk" ya milisekunde chache tu. Pumzi kubwa ni kitu kingine. Hiyo ni hewa inayovutwa kwa nguvu kabla ya sentensi, na inaweza kuchukua nusu sekunde nzima.

Watu huviweka vyote viwili katika kapu moja la "kusafisha sauti", na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kidoko hakina maana yoyote kwa msikilizaji, kwa hiyo kinafutwa. Pumzi ina maana: ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba sentensi mpya inakuja na kwamba anayesoma ni mtu. Pumzi hupunguzwa, haifutwi. Mengine yote kuhusu kazi hii yanatokana na tofauti hiyo.

Tuchukue mfano wa tangazo fupi la wakulima wa mpunga wa Ahero, limesomwa na mwanamume chumbani mwake Kisumu, maikrofoni ikiwa kama sentimita 15 kutoka mdomoni. Anasema: "Habari ya asubuhi, mkulima. Hapa Ahero, maji ya mfereji yatafunguliwa Jumatatu. Kagua majaruba yako mapema." Ukisikiliza rekodi kama ilivyotoka, haina tatizo kubwa. Ukishaitengeneza iwe na nguvu ya kuchezwa redioni, ghafla unasikia mate na pumzi kila mahali.

Sababu ni kompresa, ile hatua inayoshusha sehemu zenye nguvu ili sauti nzima iweze kupandishwa. Tuseme maneno ya msomaji wetu yanafika desibeli -8 na pumzi zake -40, sifuri ikiwa kikomo cha juu. Kati yake kuna desibeli 32, na kwa umbali huo pumzi haimsumbui mtu. Sasa weka kompresa inayoanza kubana kwenye -20 kwa uwiano wa 4 kwa 1, kisha pandisha kila kitu kwa desibeli 8. Maneno yalikuwa yamevuka -20 kwa desibeli 12, yanabaki yameivuka kwa 3, yaani -17, na baada ya kupandishwa yanafika -9. Pumzi haikuguswa na kubanwa, ila imepandishwa pamoja na kila kitu, nayo sasa iko -32. Umbali umebaki desibeli 23. Maneno hayajapanda hata kidogo, lakini pumzi imesogea karibu na sikio kwa desibeli 9, na vidoko vidogo navyo vimepanda pamoja nayo. Ndiyo maana kazi ya kusafisha hufanywa kabla ya kompresa. Ukiifanya baadaye utakuwa unapigana na uchafu ulioukuza mwenyewe.

Kuvipata vidoko kwa sikio peke yake kunachosha, na sikio lililochoka huanza kuruka. Katika Audacity, ambayo ni ya bure na wengi wetu ndiyo tunayotumia, badilisha mwonekano wa sauti uwe Spectrogram. Hapo sauti inaonekana kwa muda, kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa wembamba wa sauti, kutoka chini kwenda juu. Irabu huonekana kama mistari ya kulala iliyopangana. Pumzi ni wingu lisilo na mistari. Kidoko ni mstari mwembamba uliosimama wima, kama ufa kwenye ukuta.

Tahadhari: konsonanti kama t, k na p nazo huacha mstari wa wima zinapoachiliwa. Zinatofautishwa kwa kilicho kando yake. Kabla ya k ya "kagua" kuna ukimya mfupi wa hewa iliyofungwa, na mara tu baada ya mstari irabu inaanza. Kidoko hakifuati utaratibu huo. Hutokea katikati ya ukimya bila neno kufuata, au hukata mistari ya irabu ambayo ilikuwa inaendelea vizuri. Ukiwa na shaka, chagua neno zima ulisikilize. Kipande cha milisekunde 5 kikichezwa peke yake hakikwambii lolote.

Kwenye tangazo letu kuna vidoko viwili vinavyostahili kuelezwa. Cha kwanza kiko kabla ya "Hapa". Msomaji amemaliza "mkulima" na kufunga midomo, kisha anaifungua avute hewa, na midomo inaachana kwa mlio. Hiki ni rahisi kwa sababu hakijagusa neno. Nakili kipande cha ukimya wa chumba hichohicho chenye urefu uleule, ukibandike juu ya kidoko. Usikate kipande na kuziba pengo, kwa kuwa muda wa tangazo zima utasogea, na kama kuna picha inayofuatana na sauti, vitapishana. Wala usiweke ukimya mtupu. Chumba hakinyamazi kabisa: kuna feni, kuna boda boda mbali, kuna vyura usiku. Ukimya mtupu katikati ya hayo husikika kama shimo. Kila anayerekodi anafaa kuacha maikrofoni wazi sekunde 20 au 30 bila kusema neno, na kama mvua imeanza kugonga mabati katikati ya kazi, ukimya uchukuliwe karibu na sentensi inayotengenezwa, si ule wa mwanzo.

Cha pili kiko ndani ya irabu ya kwanza ya "maji". Hapa huwezi kubandika ukimya, kwa kuwa utakata neno. Audacity ina amri iitwayo Repair, ambayo huangalia wimbi lilivyo kabla na baada ya sehemu uliyochagua, kisha huchora upya kilichopo kati. Hukubali sampuli 128 tu kwa mara moja. Kwa rekodi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni chini kidogo ya milisekunde 3, kwa hiyo ni lazima ukuze mwonekano mpaka uone wimbi lenyewe, na uchague ile miba tu.

Kidoko kikiwa kipana kuliko hapo, iko njia ya mkono ambayo mimi huiamini zaidi. Irabu ni wimbi linalojirudia. Sauti ya mwanamume yenye mitetemo 120 kwa sekunde hujirudia takribani kila milisekunde 8. Nakili mrudio mmoja mzima ulio safi, ulio jirani kabisa, uubandike juu ya mrudio wenye kidoko, urefu uleule. Kabla ya kunakili, bonyeza herufi Z ili kingo za sehemu uliyochagua zisogee hadi wimbi linapokata mstari wa sifuri. Usipofanya hivyo, mahali pa kuungia patatoa mlio wake, na utakuwa umefuta kidoko kimoja ukatengeneza viwili.

Sasa pumzi. Ya kabla ya "Hapa" iko -40. Tumeona kompresa itaisogeza karibu kwa desibeli 9, basi ukiipunguza kwa 10 mapema, itaishia -42 dhidi ya maneno yaliyo -9, yaani umbali wa 33, karibu sawa na uliokuwapo kinywani mwake. Hakuna haja ya kushuka zaidi. Katika Audacity unaweza kuichagua na kutumia Amplify kwa kiasi cha -10, ingawa Envelope Tool hufanya kazi nzuri zaidi kwa sababu hukuwezesha kushusha na kupandisha kwa mteremko badala ya ngazi. Pumzi iliyofutwa kabisa hutambulika kirahisi. Maneno yanaanza kwa kushtua, na baada ya sentensi tatu nne msikilizaji naye anahisi kukosa hewa bila kujua kwa nini.

Mahali pagumu kuliko pote katika Kiswahili ni pumzi inayofuatwa na h. Katika spektrogramu, h nayo ni wingu, na pumzi inaweza kuingia ndani yake bila mpaka unaoonekana. Ukishusha mpaka pale wingu linapoishia, "hapa" inakuwa "apa", na "habari" inakuwa "abari". Hewa ya pumzi inaingia na ya h inatoka, na kati yake mara nyingi kuna kituo kifupi sana. Kitafute kwa sikio, ukicheza polepole, umalizie mteremko wako hapo. Kisipopatikana, afadhali mkia wa pumzi ubaki kuliko herufi ipotee. Kwa sababu hiyo hiyo sipendekezi ile njia ya kufunga sauti yenyewe inaposhuka chini ya kiwango fulani: h na f ni dhaifu kwa asili, na hukatwa pamoja na pumzi.

Zipo programu zinazotafuta vidoko zenyewe. Mouth De-click ya iZotope RX imetengenezwa kwa kazi hii hasa. Click Removal ya Audacity ililengwa zaidi mikwaruzo ya sahani za santuri, lakini ikiwekwa kwa upole husaidia. Hatari yao ni kuchukua mwachio wa konsonanti kuwa kidoko. Kwa wanaosoma matangazo ya Dholuo jambo hili lina uzito wake, kwa sababu lugha hiyo hutenganisha th ya "thuol" na t ya "tol", na sehemu ya tofauti hiyo imo katika ule mlio mfupi wa ulimi kuachia. Programu ikiulainisha, msemaji husikika kana kwamba hajui lugha yake.

Kwa hiyo kagua kilichoondolewa, si kilichobaki tu. RX ina kisanduku cha Output clicks only. Katika Audacity, weka nakala ya sauti ya awali chini ya ile iliyosafishwa, moja igeuzwe kwa Invert, kisha uzicheze pamoja. Kila kisichobadilika kinajifuta, na kinachosikika ni ulichotoa pekee. Kwa tangazo la Ahero unapaswa kusikia "tk" chache na pumzi hafifu. Ukisikia k ya "kagua" au t ya "yatafunguliwa" ikitokeza, mpangilio ni mkali mno: rudi nyuma, ulegeze, au uache programu na umalize vidoko hivyo kwa mkono. Na ukisikia sentensi nzima kuanzia mahali fulani, basi kuna kipande ulichokikata badala ya kukibandikia ukimya, na muda umesogea kuanzia hapo.