Bomba la kuvuta: fungua kwanza kabati la chini ya sinki

Mama mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, alinipigia asubuhi ya Jumamosi. "Fundi, bomba langu jipya limetoa ulimi halirudishi." Nilicheka, lakini nilipofika nikaona hajakosea. Kichwa cha bomba kilikuwa kinaning'inia juu ya sinki kwenye mpira wake, nusu mkono chini ya shingo. Ukikisukuma kwa mkono kinaingia, ukikiachia kinateremka tena. Mpwa wake ndiye aliyelifunga, na alikuwa tayari ameamua kwamba ni bomba feki.

Bomba lenyewe lilikuwa zima. Lile ni la kuvuta chini: shingo ndefu iliyopinda kama ya korongo, kichwa kinatazama ndani ya sinki na unakivuta kuelekea chini. Ndugu yake ni la kuvuta mbele, shingo fupi iliyolala, na kichwa unakichomoa kuja kifuani kwako kama unachomoa kisu alani. Wateja wengi huchagua kati ya hayo mawili kwa sura. Mimi huanza kwa kufungua kabati la chini, kwa sababu kinachorudisha kichwa mahali pake kiko huko gizani.

Ndani ya mabomba mengi ya aina hii hakuna springi ya kurudisha. Mpira wa kichwa unapita ndani ya shingo, unatokea chini ya sinki, unaning'inia kama kamba ya bembea, halafu unapanda tena kwenda kuungana na mrija wa bomba wa kutolea maji. Kwenye mpira huo hubanwa uzito, kipande cha chuma kizito cha kujaa kiganjani. Ukivuta kichwa, uzito unapanda. Ukikiachia, uzito unashuka na kukivuta kichwa nyumbani. Basi, hiyo ndiyo mashine nzima.

Kwa hiyo mahali unapoubana uzito ndipo penye kazi. Kichwa kikiwa kimekaa nyumbani, uzito uwe upande unaoshuka kutoka kwenye shingo, karibu kabisa na pale mpira unapogeuka kupanda. Ukiubana juu sana, sentimita 30 tu chini ya sinki, utavuta kichwa sentimita 30 kisha uzito utagonga nati ya bomba na mpira utakataa kuja. Ukiubana upande wa pili, ule unaopanda kwenda kwenye maungio, uzito unaning'inia upande uliofungwa na kichwa hakivutwi na kitu. Mpwa wa mama alikuwa ameubana upande huo. Kosa la pili lilikuwa mtungi wa gesi: ulisukumwa hadi ukutani ukaubana mpira, na hata uzito ungekuwa sawasawa usingepata njia ya kushuka.

Nilitoa mtungi, ndoo mbili na kiroba cha mkaa. Nikalegeza skrubu mbili za uzito, nikauhamishia upande wa kichwa, sentimita 50 chini ya sinki, nikahakikisha haugusi sakafu ya kabati, maana uzito uliolala chini hauvuti. Tukavuta kichwa mara kumi na mara zote kumi kilirudi chenyewe. Mtungi nikauhamishia kona nyingine, nikapigilia ubao mwembamba wa kuutenga na mpira. Ubao huo ndio ulionichukulia muda kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Nikadhani nimemaliza. Mama akabonyeza kitufe cha kichwani. "Na hii shawa mbona inalia tu?"

Kichwa chake kina namna mbili za kutoa maji. Ya kwanza ni mkondo mmoja mnene uliochanganyika na hewa, wa kujazia sufuria. Ya pili ni vijito vyembamba vya kusukumia ugali ulioganda. Vichwa vingine huwa na kitufe zaidi cha kusimamisha maji kwa muda. Kitufe cha vijito hushikiliwa na presha ya maji yenyewe. Presha ikiwa ndogo, springi ndogo iliyo ndani hukirudisha kwenye mkondo, au vijito vinatoka kama machozi. Tukatoka kuangalia simtanki. Limekaa kwenye mnara wa mita 3, maji ndani yake yamefika kama mita moja, na mdomo wa bomba uko mita 1.2 kutoka ardhini. Yaani maji yanashuka mita 2.8, na kila mita 10 za maji ndizo baa 1. Mama ana baa 0.28. Karatasi iliyokuja na bomba ilidai angalau baa 0.5.

Nilikuta pia mguu wa maji ya moto, yaani mrija wa kuyaingiza kwenye bomba, umezibwa. Wengi hapa Tanga hatuna maji ya moto jikoni, kwa hiyo mguu huo huzibwa, na kuuziba ni lazima: ukiuacha wazi, siku utakapogeuza mkono wa bomba katikati, maji yatavuka na kumwagika kabatini. Ila palipo na presha ndogo mimi hupenda kuweka tii, kiungo cha njia tatu, maji ya baridi yaingie kwa miguu yote miwili. Tulifanya hivyo, tukafungua na kuosha kichujio kidogo kilichojaa mchanga. Mkondo ulinenepa kidogo, lakini vijito vikabaki vinyonge, kwa kuwa tii haiongezi presha. Dawa yake ni pampu ndogo ya kuongeza presha, na mama akasema ataifikiria mwezi ujao.

Dada yake, nyumba ya pili, alikuwa amekuja kuangalia. "Na mimi nifungie kama hili, fundi." Nikaenda kupima. Juu ya sinki lake kuna dirisha linalofungukia ndani, na bawa lake linapita sentimita 30 tu juu ya sinki. Shingo ya kuvuta chini mara nyingi inafika sentimita 40 na zaidi. Huyo nikamwambia achukue la kuvuta mbele, na kwa kweli linamfaa zaidi: anajaza ndoo sakafuni, na kichwa kinachokuja mbele kinaifikia ndoo bila kupigana na pembe ya sinki.

Shida yake ilikuwa tundu. Sinki lake la stenlesi lilitobolewa kwa ajili ya koki ya nusu inchi, na rula ikasema milimita 22. Mabomba haya ya kuvuta, ya chini na ya mbele, kwa kawaida yanataka milimita 35, kwa sababu shina lake ni nene na ndani yake mpira na miguu miwili hupita kwa pamoja. Kutanua tundu lililopo kuna ujanja wake: msumeno wa duara wa drili unahitaji kisu cha katikati kishike kitu, na hapo katikati ni shimo tupu. Nilifunga kipande cha mbao chini ya sinki kwa klampu, kisu kikashika mbao, nikatoboa polepole huku namwagia mafuta ya kupikia. Ukienda kasi stenlesi inapata moto, inakuwa ngumu, na meno ya msumeno yanaisha kabla ya kupita.

Bati la sinki hilo ni jembamba, chini ya milimita moja. Chini yake niliweka sahani ya plastiki iliyokuja na bomba, nikaongezea kipande cha plaiwudi kilichotobolewa sawa, ndipo nikakaza nati. Bila hivyo bati lingeyumba kila akivuta kichwa, na nati ingelegea.

"Mtungi wako uko wapi?" nikamuuliza kabla ya kubana uzito. Akacheka, akasema upo nje, dada yake ameshamweleza.