Acheni Kuongeza Msuguano: Kwa Nini Jukwaa Halimbebi Mhusika

Nimeletewa tena mradi wa Unity wenye jukwaa linalomkimbia mhusika, na kama kawaida nimekuta msuguano umepandishwa mpaka mwisho. Jamani! Kama mhusika wako anatumia CharacterController, hata jukwaa ulipake gundi hatabebwa. CharacterController haisikii nguvu wala msuguano. Inakwenda pale tu skripti inapoita Move. Usipoisogeza, jukwaa litapita chini ya miguu yake na kumwacha. Na wewe wa Rigidbody unayeandika kasi upya kila fremu kutokana na vitufe, hujapona: msuguano unampa kasi kidogo, skripti yako inaifuta papo hapo.

Dawa ya kuteleza ni kumwongezea mhusika mwendo wa jukwaa, basi. Wengi wanafika hapo, kisha wanarudi na malalamiko mapya: sasa anabebwa, ila anatetemeka kama mwenye homa. Ndipo lawama zinapoenda kwa injini, kwa kompyuta, kwa kila kitu isipokuwa saa.

Maana saa ziko mbili. FixedUpdate, kwa mpangilio wa awali, inapiga kila sekunde 0.02, yaani mara 50 kwa sekunde. Update inapiga kila fremu. Tuseme jukwaa linakwenda mita 3 kwa sekunde ndani ya FixedUpdate, na mhusika anaongezewa kasi hiyohiyo ndani ya Update, kwenye skrini ya fremu 60. Jukwaa linaruka sentimita 6 kwa kila pigo. Mhusika anakwenda sentimita 5 kwa kila fremu. Waanze pamoja kwenye sifuri. Fremu ya kwanza, pigo la fizikia bado halijafika: mhusika yuko sentimita 5, jukwaa sifuri. Fremu ya pili, 10 kwa 6. Ya tatu, 15 kwa 12. Pengo linapungua sentimita moja moja mpaka fremu ya sita, wote wako kwenye 30, kisha linarudi 5 ghafla. Mchezo huo unajirudia mara 10 kwa sekunde. Hesabu zote ni sahihi, kasi ni ileile, na bado jicho linaona mtetemo.

Ukitaka kuhakikisha, nenda Project Settings, sehemu ya Time, uweke Fixed Timestep iwe 0.1. Pengo likivimba hadi kama sentimita 25, ugonjwa ni saa. Lisipobadilika, tafuta kwingine, na mimi ningeanza na kamera.

Tiba ni kuwaweka wote kwenye saa moja. Mimi huhamishia jukwaa kwenye Update, nikihakikisha skripti yake inatangulia ya mhusika, kisha namsogeza mhusika kwa kufuata alama aliyokanyaga juu ya jukwaa, wala si kwa kasi:

```csharp
void Update() {
    Physics.SyncTransforms();
    if (jukwaa != null)
        cc.Move(jukwaa.TransformPoint(alama) - mahali);
    cc.Move(mwendo * Time.deltaTime);
    TafutaJukwaa(); // miale ya kwenda chini
    if (jukwaa != null) {
        mahali = transform.position;
        alama = jukwaa.InverseTransformPoint(mahali);
    }
}
```

Kwa kuwa alama iko kwenye vipimo vya jukwaa lenyewe, hata likizunguka mhusika anazunguka nalo. Msitari wa SyncTransforms usiuruke: bila huo, jukwaa unaloliona limeshasogea, lakini fizikia bado inaamini liko palepale pa zamani.

Najua kuna atakayesema, "Si umfanye tu mtoto wa jukwaa kwa SetParent?" Wakati mwingine inafanya kazi, ndiyo maana uvumi haufi. Lakini jukwaa likibaki kwenye FixedUpdate, sasa wote wawili wanaruka pamoja, na kamera inayomfuata mhusika inatetemesha mandhari nzima. Na kama jukwaa umelivuta upande mmoja, tuseme vipimo 4, 0.3 na 2, mhusika akigeuka juu yake anapindapinda kama chapati.

Bado kuna mahali msimamo wangu unayumba. Jukwaa linaloshuka kwa kasi huifanya isGrounded iwake na kuzimika, na ninachofanya, kumsukuma mhusika chini kidogo kila fremu, ni kiraka. Kiasi chake nakipata kwa kubahatisha. Akibanwa kati ya jukwaa na ukuta, Move inakataa kumpitisha, na sijapata jibu moja linalofaa kila gemu: mara namuua, mara nasimamisha jukwaa. Akiruka, je, aondoke na kasi ya jukwaa? Godot wanakuachia uamue kwa platform_on_leave. Kwenye Unity utaiandika mwenyewe, na mimi humwachia kasi ya mlalo tu, kwa sababu ya wima humrusha juu kuliko mbuni wa hatua alivyopanga.